Mzigo upo, mzigo haupo: kisa cha viatu vya dhahabu

Jumapili mchana mwenye duka alinitumia skrinshoti 31, na chini yake sentensi moja: "Dada nisaidie namna ya kumjibu huyu, ananiharibia biashara." Anauza viatu vya kike na mikoba kwa Instagram. Bidhaa ananunua Kariakoo, malipo anapokea kwa simu, wateja wa mikoani anawatumia kwa basi. Ana binti mmoja wa kufunga mizigo, na bodaboda wake wa siku zote wa kuipeleka stendi. Mteja anayemlalamikia alikuwa Mbeya. Viatu vyenyewe ni vya rangi ya dhahabu, namba 39, Sh 45,000, na Sh 5,000 juu yake ya kusafirishia.

Nilimwambia asijibu kitu kwanza, na anipe mazungumzo yote badala ya skrinshoti. Skrinshoti huwa ni chaguo la aliyezipiga. Mtu aliyetukanwa hupiga picha za matusi, na hivyo ndivyo alivyofanya: zilianzia Alhamisi, pale mteja alipoandika kwa herufi kubwa "NYIE NI MATAPELI". Za Jumapili iliyotangulia, siku oda ilipowekwa, hazikuwemo. Ujumbe wa sauti nao ulionekana kama kimstari tu chenye urefu wa dakika 1 na sekunde 47. WhatsApp inaruhusu kutoa gumzo zima kama faili la maandishi lenye tarehe na saa, pamoja na sauti na picha. Tulilitoa, nikalisoma kuanzia salamu ya kwanza.

Kwa kifupi lilikwenda hivi. Jumapili saa 3 usiku mteja anaulizia viatu, anaelewana bei, analipa. Anaandika: "Dada naomba vifike kabla ya Ijumaa, Jumamosi ni sendofu ya mdogo wangu." Duka: "Usijali mpenzi, hela imeingia." Jumatatu jioni duka linatuma picha ya risiti ya basi. Jumatano saa 4 asubuhi mteja anauliza mzigo umefikia wapi, anajibiwa umeshafika tangu jana usiku, akachukue. Saa 8 mchana: "Dada nimeenda, wanasema hakuna mzigo wa jina langu. Ni basi gani hilo?" Duka: "Risiti nilikutumia dia, angalia hapo." Alhamisi asubuhi anakwenda tena, anaambiwa vilevile, anauliza tena jina la basi. Duka linajibu kwamba limepiga simu ofisini na mzigo upo, kisha linaongeza: "Kuna wateja wanachukua halafu wanasema hawajapata." Hapo ndipo panapowaka. Ijumaa duka linanyamaza kwa saa 9. Jumamosi alfajiri mteja anahamia Instagram, na chini ya picha ya viatu vilevile anaandika kwamba duka hili ni la kitapeli, watu wasitume hela.

Mwenye duka alikuwa na maelezo yake tayari: mteja ni mwongo, viatu anavyo, anataka na hela. Mteja naye alikuwa na yake: hakuna kilichotumwa, risiti ni ya mtu mwingine. Ukisikiliza upande mmoja tu unaona mwizi upande wa pili. Katika ugomvi wa namna hii huwa naanza kwa kufuta. Nachukua maneno ya kila mmoja, naondoa yote yanayoeleza hasira au tabia ya mwenzake, nabakiza yale ambayo mtu wa tatu anaweza kuyahakiki: nilikwenda wapi, lini, nikamuuliza nani, akajibu nini.

Kilichobaki kilikuwa kidogo na cha ajabu. Duka: nilipiga simu ofisini Alhamisi, wakasema mzigo upo. Mteja: nilikwenda ofisini Jumatano na Alhamisi, wakasema mzigo haupo. Ofisi ni moja na siku ni moja. Njia rahisi ni kuamua nani anadanganya. Lakini kila mmoja ametoa jambo linaloweza kuhakikiwa kwa simu moja, na mwongo kwa kawaida hakupi namba ya kumuumbua. Kwa hiyo nilijaribu kuchukulia kwamba wote wawili wanasema kweli. Swali likabadilika, likawa: kila mmoja aliuliza nini pale ofisini?

Mteja alituambia mwenyewe Jumatano: "hakuna mzigo wa jina langu." Aliuliza kwa jina. Mwenye duka nilipomuuliza aliulizaje, alisema alisoma namba ya risiti. Nikaona mahali pa kuchimba. Ofisi za mizigo za mabasi nyingi zinaandika kwa mkono, jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya boksi na kwenye kitabu. Ukienda na namba ya risiti unaupata mzigo hata kama umeandikwa jina jingine. Ukienda na jina, unaupata mzigo ulioandikwa jina hilo tu.

Nikarudi kwenye picha ya risiti. Ilipigwa gizani, na kidole gumba cha bodaboda kimefunika sehemu ya jina. Kiasi kilichobaki cha namba ya simu ya mpokeaji ni tarakimu tatu za mwisho, 417. Namba ya WhatsApp ya mteja inaishia 902. Watu wawili walikuwa wameitazama picha ile kwa wiki nzima, kila mmoja akiitumia kumthibitishia mwenzake hoja yake, na hakuna aliyesoma tarakimu hizo.

Sasa niseme kuhusu lugha, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kipande kilichokuwa kinakosekana. Mpaka Alhamisi saa 5 asubuhi, karibu kila ujumbe wa mteja una neno "dada". Hata aliporudi stendi mikono mitupu bado aliandika "dada". Baada ya ile kauli ya wateja wanaochukua na kukana, neno hilo halionekani tena. Kwanza linakuja "wewe": "Wewe unaniita mimi mwizi?" Dakika chache baadaye linakuwa "nyie", na halirudi kuwa "wewe" mpaka mwisho. Si jambo la kulifanya ushahidi, maana watu wengi huliita duka lolote "nyie". Ila huyu alikuwa ameongea na mtu mmoja kwa siku nne na kumwita dada. Kwa nini ghafla amekuwa anaongea na kundi? Kichwani mwake kuna mtu mwingine ameingia kwenye hadithi hii, na mwenye duka hamjui.

Mtu huyo alikuwa kwenye ujumbe wa sauti. Mwenye duka alikiri kwamba aliusikiliza mwanzo tu, kwa sababu ulianza na matusi, akauzima. Nusu dakika ya kwanza ni hasira, kweli. Halafu anaeleza sendofu, anaeleza nauli ya bajaji aliyopoteza mara mbili. Halafu, karibu na mwisho, sauti ikiwa imeshashuka, anasema hivi: "Na jana asubuhi mtu wenu kanipigia kwenye laini yangu nyingine, ananiuliza kama anaongea na kaka yangu, anamtaja kwa jina kabisa. Mnajua mpaka majina ya ndugu zangu. Nikakata."

Anayeishi Tanzania anaelewa kwa nini alikata. Tumezoea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na simu za watu wanaokutajia jina ili uwaamini. Mtu amelipa, mzigo hauonekani, kisha mgeni anapiga akitaja jina la kaka yake: kwake yeye hiyo ilikuwa sehemu ya pili ya wizi uleule. Kwangu ilikuwa karani wa ofisi ya mizigo akimpigia mpokeaji aje achukue viatu vyake.

Ila kwa nini boksi liandikwe jina la kaka? Nilimuuliza binti anayefunga mizigo anapata wapi majina. Hakusita: "Kwenye meseji ya hela. Dada ananifowadia, naandika jina na namba iliyopo pale." Alifanya hivyo kwa kila oda, na kwa upande wake ni busara kabisa. Kwenye WhatsApp wateja wamehifadhiwa kama "Viatu Mbeya", "Mkoba mweusi Dodoma", wengine hawana jina kabisa. Ujumbe wa muamala una jina kamili, limeandikwa vizuri, na namba iko pembeni. Ni anwani iliyotayarishwa bure.

Tatizo ni kwamba lile jina ni la aliyesajili laini, si lazima liwe la anayeitumia. Tanzania ilipohamia kwenye usajili wa laini kwa alama za vidole, siku ya mwisho ikiwa 20 Januari 2020, ilibidi uwe na namba ya kitambulisho cha taifa, na wengi hawakuwa nayo. Laini isizimwe, mtu alimwomba mume, kaka au shangazi amsajilie kwa kidole chake. Laini zikaendelea kutumika kwa jina la mwingine, hela inaingia na kutoka, mwenye simu amezoea. Ukipiga *106# unaweza kuhakiki usajili wa laini yako, lakini ni nani anakumbuka hilo anapolipia viatu? Mteja wetu ana simu ya laini mbili. WhatsApp iko kwenye ile ya 902. Hela anaweka kwenye ile ya 417, iliyosajiliwa na kaka yake.

Yote haya bado yalikuwa dhana. Nimeshawahi kujenga maelezo mazuri kuliko haya, yakaanguka kwa simu moja. Kama mzigo haupo ofisini, au boksi lina jina la mteja, basi nimejidanganya na kuna wizi mahali. Mwenye duka alitaka kumwandikia mteja papo hapo, nilimzuia. Tulipiga ofisini saa 10 jioni. Safari hii hatukuuliza "mzigo upo?" kwa sababu swali hilo lilishajibiwa na halikumsaidia mtu. Tulimwomba karani asome kilichoandikwa juu ya boksi lenye namba ile ya risiti. Akasoma jina la kiume na namba inayoishia 417. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba walipiga Jumatano asubuhi na aliyepokea akakata. Tukafungua ujumbe wa muamala wa Jumapili usiku: jina lilelile, namba ileile.

Wangapi wengine yamewakuta? Tulitafuta kwenye WhatsApp ya duka maneno "jina langu" tukarudi nyuma miezi mitatu. Walikuwa wawili. Mmoja alilipiwa na mumewe, ofisi ikampigia mume, mume akaenda kuchukua, mambo yakaisha. Wa pili alimwonyesha karani picha ya risiti iliyosomeka. Kosa lilikuwa lilelile, ila halikupiga kelele. Kwa huyu wa Mbeya mambo yalikutana: laini ya ndugu, picha ya gizani, simu iliyokatwa, na siku isiyosubiri.

Hapa mwenye duka alishusha pumzi, na jibu lake akaliandika kwa dakika moja: "Habari mpenzi, tumegundua tatizo lilikuwa jina ulilolipia. Mzigo wako upo tangu Jumanne, unaweza kuchukua. Samahani kwa usumbufu."

Hakuna uongo ndani yake. Lakini lingemwagia petroli. "Jina ulilolipia" linarudisha kosa kwa mteja, wakati hakuna aliyemuuliza jina la kuandika. "Upo tangu Jumanne" ni kauli ileile ya Jumatano, inayomfanya aonekane hakutafuta vizuri. Na "unaweza kuchukua" linamwalika kuchukua viatu vya sendofu iliyofanyika jana. Siku ya sherehe ilitajwa usiku uleule wa kwanza wa gumzo, na mwenye duka alikuwa ameisahau. Tangu Jumatatu alikuwa anashughulikia boksi. Mteja alikuwa anashughulikia Jumamosi.

Ndiyo maana nilimwambia kwamba kulipata boksi ni nusu ya kazi. Jina lililokosewa linaeleza kwa nini mzigo haukuonekana. Halielezi kwa nini mwanamke aliyekuwa akiandika "dada" ameamka Jumamosi alfajiri kwenda kumchafua mtu hadharani. Nilihesabu: baada ya Alhamisi mteja alitaja viatu mara mbili tu. Maneno ya "umeniita mwizi", kwa namna mbalimbali, yapo mara sita. Yaani kufikia Jumamosi malalamiko yenyewe yalikuwa yameshabadilika. "Samahani kwa usumbufu", ambayo duka liliiandika mara nne, ilikuwa ikiombea radhi ucheleweshaji. Mtu aliyeitwa mwizi hatulizwi kwa radhi ya ucheleweshaji.

Tuliandika upya, na hiki ndicho kilichotumwa:

"Dada, mzigo wako tuliuandika jina na namba ya laini uliyolipia, hatukukuuliza wewe unaitwa nani. Kosa ni letu. Ndiyo maana ulipokwenda Jumatano na Alhamisi hawakuuona. Ulichosema kilikuwa kweli, na nilikosea sana kukwambia wapo wanaochukua na kukana. Ile simu ya Jumatano ilikuwa ya ofisi ya mizigo, siyo matapeli. Najua sendofu imeshapita. Narudisha hela yako yote, 50,000, leo hii. Niitume namba ipi?"

Swali la mwisho si adabu tu. Kwa mazoea duka lingerudisha hela ilikotoka, yaani kwenye laini ya kaka, bila kuuliza, na lingekuwa limerudia kosa lilelile siku ya kuliombea radhi.

Kurudisha hela kabla ya viatu kurudi kulimuuma mwenye duka, na tulibishana. Hoja yake ilikuwa kwamba mteja anaweza kupokea hela kisha akaenda kuchukua boksi. Anaweza. Dawa yake ilikuwa kuiagiza ofisi isilitoe na ilirudishe Dar es Salaam, ikathibitisha, ndipo hela ikatumwa. Nauli ya kurudisha ilikuwa juu ya duka. Mimi nisingemshauri hivyo kwa kila mteja anayepiga kelele. Wapo kweli wanaochukua na kukana, na gumzo lao huwa na sura nyingine: hawaulizi basi gani, hawaulizi nani wa kumwona ofisini, wanadai hela tangu ujumbe wa kwanza. Huyu aliuliza jina la basi mara mbili na hakujibiwa hata mara moja. Mtu aliyeshaupata mzigo hana haja ya kujua basi.

Dukani kilibadilika kitu kimoja. Ujumbe wa muamala sasa hautoki kwa mwenye duka. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba hela imeingia, basi. Kabla ya kufunga boksi binti anamwandikia mteja: "Tuandike jina gani juu ya mzigo, na ofisi ipige namba ipi?" Akishaandika kwa kalamu nene, anapiga picha juu ya boksi, mchana, anaituma na kusubiri mteja aseme sawa. Siku za kwanza alilalamika kwamba wateja wanachelewa kujibu na bodaboda anamsubiri nje. Kweli wanachelewa. Mizigo miwili iliwahi kukosa basi la alfajiri kwa sababu hiyo.

Mteja wa Mbeya alisoma ule ujumbe saa 12 jioni, tiki zikawa za bluu, akakaa kimya mpaka saa 3 usiku. Kisha akatuma namba, ya tatu kabisa, si 902 wala 417, na jina litakalotokea. Hela ikaenda, jina likalingana. Akajibu: "Imefika. Asante." Hakuandika dada.

Komenti ya Jumamosi hakuifuta, na mwenye duka nilimsihi asiifute yeye. Siku mbili baadaye mteja aliongeza maneno mawili chini yake: "Hela imerudi."